Damu kwenye Shati la James Bond

Oktoba 2005, boti ya wanamaji wa Uingereza ilimshusha mwigizaji Daniel Craig kando ya Mto Thames, London, ili atambulishwe kwa waandishi wa habari kuwa ndiye James Bond mpya. Alivaa suti, na juu ya suti jaketi la kuokolea maisha. Mashabiki wakaja juu. Bond gani huyu mwenye nywele za rangi ya dhahabu? Bond gani anayepanda boti na jaketi kama abiria mwoga? Wengine walifungua tovuti ya kuhimiza watu waisusie filamu kabla haijatoka.

Filamu yenyewe, Casino Royale, ilitoka Novemba 2006 na kuingiza takribani dola milioni 600. Kilichoshangaza ni kwamba mabadiliko makubwa hayakuwa ya nywele. Bond aliyekutwa humo ndani alikuwa mtu wa tabia nyingine kabisa.

Bond aliyezoeleka hatoki jasho. Anaua, anatupa neno la utani, anarekebisha tai. Katika Die Another Day ya mwaka 2002, filamu iliyotangulia, aliendesha hata gari lisiloonekana. Bond wa Craig anakosea. Anampiga risasi mtu ndani ya ubalozi mbele ya kamera, na bosi wake, M, anamjia juu kwa hasira. Anapoteza fedha za serikali mezani kwa sababu ya kiburi. Mhudumu akimuuliza kinywaji chake kitikiswe au kikorogwe, anajibu kwa ukali kwamba hilo halimhusu. Kwa shabiki wa miaka 20, jibu hilo ni sawa na kumsikia mjomba wake akikana jina la ukoo.

Na mfano huo wa mjomba si wa kutia chumvi. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni wanaojenga ukaribu na watu wa kwenye kioo, ukaribu wa upande mmoja, lakini wenye hisia za kweli. Mtu anayemfahamu mhusika kwa muda mrefu hujua angefanya nini mahali fulani, kama anavyojua ndugu yake angejibuje akikopwa. Vijana waliokulia kwenye vibanda vya video wanalijua hili vizuri: steringi huwa ana mwenendo wake, na ukumbi mzima unaweza kutabiri anachotaka kufanya. Mwandishi akimbadilisha ghafla, mtazamaji huona kama ameletewa mgeni aliyevaa nguo za ndugu yake.

Sasa, kwa nini mgeni huyu wa 2006 alipokelewa? Jibu liko kwenye ngazi za hoteli moja.

Filamu hiyo ina muasi kutoka Uganda aitwaye Steven Obanno, ambaye mapema tu, katika tukio linalotajwa kuwa Mbale, anamkabidhi fedha Le Chiffre, adui mkuu wa hadithi. Le Chiffre anazitumia kubashiri kwenye soko la hisa na kuzipoteza. Obanno anamfuata hadi Montenegro, na huko Bond anakutana naye kwenye ngazi, akiwa na Vesper Lynd, ofisa wa hazina aliyetumwa kuzilinda fedha za serikali. Pigano ni la kukabana, zito na refu. Bond anamkaba Obanno mpaka anakufa, Vesper akitazama kila kitu.

Katika filamu za zamani, hapo ndipo utani ungetupwa. Hapa Bond anarudi chumbani, ananawa damu kwenye beseni, anakunywa pombe kali na kujitazama kwenye kioo. Kisha anavaa shati jipya na kurudi mezani, uso umetulia, kana kwamba ametoka kupunga upepo. Baadaye anamkuta Vesper ameketi chini bafuni, maji yanammwagikia na gauni lake la jioni likiwa mwilini, akihisi mikono yake bado ina damu. Bond hasemi mengi. Anaketi kando yake, na shati lake linalowa.

Matukio hayo mawili yanabeba filamu nzima. Ule utulivu ambao mashabiki waliupenda kwa miaka 40 na zaidi haukuondolewa; umeonyeshwa unavyotengenezwa, na ni nani anaulipia. Vesper anapomsaliti na kufa majini Venice, Bond anamtaja kwa neno la chuki, na mtazamaji anaelewa kwa nini mtu huyu hatampenda mwanamke yeyote kwa urahisi tena. Anapotamka jina lake kwa namna ile maarufu, ni sekunde za mwisho kabisa, na ndipo muziki wake unapopigwa kikamilifu. Mashabiki walirudishiwa mtu wao, safari hii akiwa na sababu za kuwa alivyo.

Wapo wanaosema siri ni kurudi kwenye kitabu cha Ian Fleming cha mwaka 1953. Hoja hiyo haitoshi. Timothy Dalton naye alimchora Bond mkali wa vitabuni, na Licence to Kill ya 1989 ilifanya vibaya sokoni Marekani. Ushindani wa filamu nyingine msimu ule ulikuwa mkubwa, ni kweli. Lakini pia Dalton alipewa Bond aliyekwisha kukomaa, yule yule aliyekuwa akitania miaka michache nyuma, sasa ghafla amekunja uso. Craig alianza siku Bond anapopata kibali cha kuua.

Kipimo hicho hicho cha kuua kinaeleza ugomvi mwingine, wa Superman. Katika Man of Steel ya mwaka 2013, Superman anamvunja shingo Jenerali Zod ili kuokoa familia iliyobanwa kwenye stesheni ya treni. Mashabiki wengi walikasirika, akiwemo mwandishi wa vitabu vya katuni Mark Waid, kwani Superman wao haui. Watengenezaji walijitetea kwamba walitaka kuonyesha chanzo cha msimamo huo.

Utetezi huo una mantiki, tena ungeweza kufaulu. Mwaka 1988 John Byrne aliandika hadithi ya katuni ambamo Superman anawaua wahalifu watatu, Zod akiwemo. Waandishi waliofuata hawakuliachia jambo hilo lipite: Superman anasumbuliwa na dhamira mpaka akili inayumba, kisha anajihamisha duniani na kutangatanga angani. Katika filamu, baada ya kuua, Superman anapiga magoti na kulia kwa uchungu mkubwa. Tukio hilo ni zuri. Ila mara tu baada yake anaonekana ameangusha ndege ya upelelezi ya jeshi, anazungumza na jenerali kwa utani, na ofisa mmoja anatabasamu kwa kuvutiwa naye. Kilio kimefutika. Uharibifu wa jiji ulianza kujadiliwa katika filamu ya 2016, miaka mitatu baadaye, wakati watu walishaondoka ukumbini na hasira zao.

Craig alimcheza Bond mara tano. Katika ya mwisho, No Time to Die ya mwaka 2021, Bond ana mtoto, na Bond anakufa. Steringi hafi, tulifundishwa tangu utotoni, na wako mashabiki ambao hadi leo hawajaisamehe filamu hiyo. Anayeandika Bond ajaye atalazimika kuanza tena mwanzo, mbele ya watazamaji waliokwisha kuona shati lenye damu likivuliwa.