Nguvu Inayopigiwa Hesabu Baada ya Matokeo

Tuseme dawa ya presha imejaribiwa, na waliopewa wameshuka wastani wa milimita 4 za zebaki kuliko wenzao. Thamani ya p ni 0.30, kwa hiyo tofauti hiyo huenda imetokana na bahati tu. Mtafiti anaichukua ile 4, anaiingiza kwenye fomyula na kuandika: "Nguvu ya utafiti ilikuwa asilimia 18, hivyo washiriki walikuwa wachache." Msomaji anaondoka akiamini kwamba dawa inafanya kazi, ila watu hawakutosha.

Amepotoshwa. Nguvu ni uwezekano wa utafiti kuigundua athari ya ukubwa fulani iwapo ipo, na ukubwa huo huchaguliwa kabla, kwa kuuliza ni nafuu gani ingemfaa mgonjwa. Ukiuchukua kutoka kwenye matokeo yenyewe, jibu linakuwa ile ile p iliyobadilishwa nguo. Kwa kipimo hiki, p ya 0.05 hutoa takriban asilimia 50 na 0.30 hutoa 18, daima, washiriki wawe 40 au 4,000. Hoenig na Heisey walilieleza hili mwaka 2001, na bado wahariri wengine wa majarida huidai hesabu hiyo.

Wangedai masafa ya uhakika ya asilimia 95. Hapa yanaanzia presha kupanda 3.5 hadi kushuka 11.5: huenda dawa inasaidia sana, huenda inadhuru kidogo.