Dola mia nane kwa hisa iliyoshuka dola moja

Jumatano mtu ananunua opsheni moja katika soko la Marekani. Inampa haki ya kununua hisa 100 kwa dola 100 kila moja, na haki hiyo inakufa Ijumaa soko likifungwa. Siku hiyo hisa nayo inauzwa dola 100. Analipa dola 2 kwa kila hisa, yaani 200, kutoka akaunti ya dola 4,000.

Alhamisi hisa iko dola 99, na opsheni imeshuka hadi dola 1. Anaumia, na hapohapo anaona kama njia imefunguka: akinunua mbili zaidi kwa bei hii, wastani wake utakuwa dola 1.33, si 2 tena. Ananunua. Ijumaa hisa haijasogea, opsheni ni senti 50. Sasa ana hasira. Anaongeza nane, na wastani unafika senti 73 hivi. Soko linafungwa hisa ikiwa palepale, dola 99. Opsheni zote 11 hazina thamani, na dola 800 zimekwenda.

Hisa yenyewe ilishuka dola moja tu. Mwenye hisa angeweza kungoja mwezi mzima, lakini mwenye opsheni amenunua muda, na muda huyeyuka hata bei isipotikisika. Ule wastani uliomvutia haukumwongezea hata saa moja.

Kinachomsukuma ni nini? Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu aliye kwenye hasara hukubali bahati nasibu ambayo angeikataa akiwa salama. Hasara ambayo haijafungwa anaiona bado si hasara, kwa hiyo kuuza ni kukiri. Kisha kuna fedheha: alishamwambia mke wake, au rafiki, kwamba hisa hii itapanda. Ukijikuta unataja kiasi cha kurudisha badala ya sababu ya bei kupanda, tayari unalipiza kisasi.

Kanuni ziandikwe kabla ya kununua, maana zikitungwa katikati ya maumivu zitampendelea mwenye maumivu. Mimi nashikilia tatu. Bei ya opsheni ihesabiwe imepotea yote tangu siku ya kwanza. Kwa akaunti hii ningeweka dola 40, asilimia 1, na kama opsheni ni ghali zaidi ya hapo, naiacha. Opsheni inayopoteza haiongezwi, hata ionekane rahisi namna gani. Na baada ya kufunga hasara, hakuna oda mpya hadi kesho yake.

Kwa anayeuza opsheni, hatari ni kubwa zaidi. Nick Leeson wa benki ya Barings aliuza opsheni akitegemea faharasa ya Nikkei itulie. Tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995 lilipolivuruga soko, aliongeza dau. Mwezi uliofuata benki ilianguka, ikiwa na hasara ya pauni milioni 827.