Bei Elekezi ya ATP

Glukosi huingia kwenye chembe nyekundu ya damu kupitia mlango wa protini unaopitisha kuelekea pande zote mbili. Ilivyoingia ndivyo inavyoweza kutoka. Ili isitoroke, chembe huibandika fosfati kwenye kaboni yake ya sita. Ikishapata chaji hasi za fosfati, haipiti tena mlangoni. Chembe hii haina mitokondria, kwa hiyo riziki yake yote ya nguvu inaanzia kwenye hatua hiyo.

Tatizo ni kwamba fosfati haijibandiki. Wanakemia hutazama badiliko la nishati huru: likiwa hasi, mmenyuko unaweza kwenda wenyewe, likiwa chanya, huelekea kurudi ulikotoka. Kuunganisha glukosi na fosfati tupu ni chanya, kilojuli 13.8 kwa moli. Ndani ya chembe kuna glukosi kama milimoli 5 kwa lita na fosfati kama milimoli 1.65. Kwa viwango hivyo, mmenyuko ungefika msawazo baada ya kutengeneza glukosi-6-fosfati mikromoli 0.03 tu kwa lita. Lakini ukiipima chembe hai unakuta takriban mikromoli 83.

Pengo hilo huzibwa na ATP. Maji yanapoikata fosfati yake ya mwisho, badiliko ni hasi, kilojuli 30.5. Jumlisha na ile 13.8 ya chanya, unabaki na hasi 16.7, na safari inawezekana.

Hesabu ni nyepesi mno, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Ukikata ATP kwa maji huku glukosi imekaa pembeni, utapata joto na si kingine. Ili nishati ifanye kazi, mimenyuko miwili lazima iwe mmoja. Kimeng'enya kiitwacho heksokinasi hushika glukosi na ATP pamoja, na fosfati hupokewa na glukosi moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwa maji. Si kazi ndogo, maana maji ni moli 55 kwa lita, zaidi ya mara elfu kumi ya glukosi. Kinachosaidia ni kwamba glukosi ikikaa mahali pake, kimeng'enya hujifumba na kuyaacha maji nje. Watafiti wamekijaribu kwa zailosi, sukari inayofanana na glukosi ila haina ile kaboni ya sita. Kimeng'enya hujifumba vilevile, maji huingia katika nafasi iliyobaki, na ATP hukatwa bure kwa kasi zaidi.

Sasa turudi kwenye ile hasi 30.5. Hiyo ni kama bei elekezi: imepangwa kwa masharti ambayo soko halina. Masharti yenyewe ni kwamba ATP, ADP na fosfati kila kimoja kiwe moli 1 kwa lita. Kwa ATP hiyo ni nusu kilo ndani ya lita moja ya maji. Chembe nyekundu ina takriban milimoli 2.25, yaani gramu moja na kitu. ADP ni 0.25 na fosfati ni ile 1.65. Badiliko halisi hupatikana kwa kuongeza sehemu inayotokana na viwango hivi:

ΔG = ΔG°' + RT ln([ADP][Pi]/[ATP])

Jibu ni hasi 52 hivi. Huenda likazidi hapo, kwa sababu baadhi ya ADP imeshikwa na protini na haimo katika mchezo. Kwa mmenyuko mzima wa heksokinasi, hasi 16.7 ya kitabuni inakuwa kama hasi 33.

Hizo kilojuli ishirini na ushee za nyongeza hazitoki ndani ya molekuli ya ATP. Zinatokana na umbali kati ya hali ya chembe na msawazo. Ikiwa na ADP na fosfati hizohizo, chembe iliyofika msawazo ingebakiwa na ATP pungufu mara bilioni moja hivi ya iliyo nayo. Hapo badiliko halisi lingekuwa sifuri, na ATP isingesukuma chochote, ingawa kitabu kingeendelea kuonyesha hasi 30.5.

Benki ya damu huishi na hesabu hii. Kadiri damu inavyokaa kwenye jokofu, ATP ndani ya chembe hupungua, na chembe iliyopungukiwa huacha umbo lake la kisahani na kuota vijichomozi. Ndiyo maana mchanganyiko wa CPDA-1 katika mifuko ya damu una glukosi na pia adenini, malighafi ambayo chembe huitumia kuunda upya akiba yake ya ATP na ADP. Kwa mchanganyiko huo, damu huruhusiwa kukaa hadi siku 35.