Mguu wenye ganzi hudanganya: Pima kwa karatasi kabla ya kuagiza viatu

WAKAZI wengi wa Eldoret siku hizi huagiza viatu kwa simu. Duka liko Nairobi, picha iko kwenye mtandao, pesa hutumwa kwa M-Pesa, na kifurushi hufika kwa gari la abiria bila mnunuzi kutia mguu ndani ya kiatu.

Kwa mtu mwenye miguu mizima, kiatu kisichomtosha ni hasara ya pesa tu. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari, kinaweza kuwa mwanzo wa kidonda. Kidonda cha mguu kisipopona, mgonjwa anaweza kukatwa kidole au hata mguu wenyewe.

Huenda msomaji akafikiri kwamba mgonjwa kama huyo hapaswi kamwe kununua kiatu asichokijaribu. Lakini kujaribu dukani nako kuna hatari yake. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu neva za miguu, na mguu huingia ganzi. Mtu huyo akivaa kiatu kinachomtosha barabara, hahisi kitu, naye hudhani kimempwaya. Akivaa kinachombana, ndipo anapohisi kwamba ana kiatu mguuni, naye hukichagua hicho. Kwake yeye, karatasi na rula husema kweli kuliko mguu.

Je, mguu una ganzi?

Kuna njia rahisi ya kupima nyumbani. Mgonjwa alale, avue soksi na afumbe macho. Mtu wa nyumbani amguse kwa ncha ya kidole chake, polepole na bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili. Aguse ncha ya kidole gumba, ya kidole cha katikati na ya kidole cha mwisho, katika miguu yote miwili. Hapo ni mahali sita. Kila anapoguswa, mgonjwa aseme ni mguu gani.

Akikosa kuhisi mahali pawili au zaidi, miguu yake imo hatarini, na inafaa aonwe katika kliniki ya kisukari, kama ile ya Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapa mjini. Aliye na kidonda tayari, aliyekatwa kidole, au ambaye mguu wake umepinda umbo, asiagize kiatu cha kawaida hata kidogo. Huyo anahitaji kiatu kilichotengenezwa kwa kipimo cha mguu wake.

Kuchora mguu

Chora jioni, si asubuhi. Miguu huvimba kadiri siku inavyoendelea, na kiatu kilichopimwa wakati wa baridi ya alfajiri ya Eldoret kitabana saa kumi jioni. Vaa soksi zile zile utakazovalia kiatu hicho.

Weka karatasi kwenye sakafu ngumu, ukingo wake ukigusa ukuta. Mgonjwa asimame wima, kisigino kikigusa ukuta, uzito ukiwa juu ya miguu yote miwili. Asiketi, kwa maana mguu usiobeba uzito huwa mfupi na mwembamba zaidi. Asijichore mwenyewe pia, kwa sababu akiinama uzito huhama. Achorwe na mtu mwingine.

Penseli isimame wima kabisa. Ikilalia ndani, chini ya mguu, mchoro hupungua kwa milimita kadhaa, na hizo zatosha kukosesha nambari moja nzima ya kiatu. Ikilalia nje, mchoro hukua. Chora miguu yote miwili, kwani ni nadra kulingana.

Kisha pima mara mbili kwa rula. Kwanza, kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine si gumba bali ni cha pili. Pili, upana wa mguu mahali unapopanuka zaidi, yaani kutoka shina la gumba hadi shina la kidole cha mwisho. Andika vipimo hivyo juu ya mchoro.

Usimtumie muuzaji picha ya mchoro pekee. Picha iliyopigwa simu ikiwa imeinama hubadilisha urefu. Mtumie vipimo kwa sentimita.

Jedwali la muuzaji

Tuchukue mfano wa mama wa mtaa wa Langas mwenye kisukari kwa miaka kumi na miwili, ambaye mwanawe anataka kumwagizia viatu vya ngozi kutoka Nairobi. Mguu wake wa kushoto una urefu wa sentimita 24.3, na wa kulia 24.8. Upana ni 9.8 na 10.1. Wanaofuatwa ni mguu mkubwa: urefu 24.8, upana 10.1.

Mwongozo wa kimataifa wa kutunza miguu ya wenye kisukari unasema kwamba ndani ya kiatu pawe parefu kuliko mguu kwa sentimita 1 hadi 2. Basi mama huyu anahitaji kiatu chenye urefu wa ndani kati ya sentimita 25.8 na 26.8. Kikipungua hapo, vidole hugonga mbele. Kikizidi, mguu huteleza na kisigino husuguliwa.

Muuzaji ametuma jedwali hili: nambari 38 ni sentimita 24.5, nambari 39 ni 25.2, nambari 40 ni 25.8, na nambari 41 ni 26.5. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa jedwali halisemi hizo ni sentimita za nini.

Kama ni urefu wa mguu unaofaa kiatu hicho, nafasi ya vidole imekwisha kuhesabiwa, na mama atachukua nambari 39. Kama ni urefu wa soli ya ndani, nambari 39 itamwachia milimita 4 tu. Nambari 40 itamwachia sentimita 1 kamili, na nambari 41 sentimita 1.7, ambayo ndiyo inayomfaa mtu wa miguu inayovimba. Jedwali ni moja, lakini tofauti ni ya nambari mbili nzima.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: "Hizi sentimita ni za mguu au ni za soli ya ndani?" Asiyejua jibu aombwe atoe soli hiyo, aiwekee rula na kupiga picha. Picha hiyo hiyo ionyeshe upana wa soli mahali palipo papana zaidi. Ikiwa ni sentimita 9.3, mguu wa mama wenye sentimita 10.1 utamwagika nje ya soli na kusuguana na ngozi ya kiatu.

Kosa la kawaida ni kuongeza nambari ili kupata upana. Kiatu kikiwa kirefu mno, mahali pake pa kukunjika huwa mbele ya mahali mguu unapokunjika. Mguu hukaza mahali pasipofaa, na kisigino hutoka kila hatua. Kiatu chembamba kikataliwe. Kitafutwe kingine kilicho kipana.

Angalia pia nambari ni za nchi gani. Kiatu cha mwanamke chenye nambari 6 ya Uingereza ni karibu 8 ya Marekani, na ni karibu 39 ya Ulaya.

Masharti ya kurudisha

Hata kwa vipimo vizuri, kiatu kinaweza kukataa. Ndiyo maana masharti ya kurudisha yajulikane kabla ya kulipa, na yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo inagusa mapatano yanayofanywa kwenye mtandao. Lakini kiatu kizima ambacho hakikukutosha si kiatu kibovu. Kurudisha kwa sababu ya ukubwa tu kunategemea zaidi ahadi ya muuzaji. Aliyeandika kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, mgonjwa wa kisukari amwepuke.

Uliza siku zinahesabiwa kuanzia lini. Tuseme muuzaji wa mama yetu anatoa siku tano tangu kiatu kitoke dukani. Kikitoka Jumatatu na kufika Eldoret Jumatano, siku mbili zimekwisha. Kikirudi kwa siku nyingine mbili, mama amebakiwa na siku moja tu ya kukikagua. Afadhali siku zihesabiwe tangu kupokewa.

Uliza pia kama utarudishiwa pesa au utabadilishiwa kiatu tu, na kama nambari inayofuata ipo dukani. Ahadi ya kubadilisha haina maana ikiwa nambari 41 imekwisha. Mwisho, nani atalipa nauli ya kifurushi? Ikiwa ni shilingi 350 kila safari, kurudisha na kuletewa kingine ni shilingi 700 juu ya bei.

Kiatu kikifika

Usikimbilie kukivaa. Kabla kiatu hakijafika, bandika mchoro wa mguu juu ya kadibodi na ukate kufuata mstari. Kikifika, toa soli ya ndani na uweke kadibodi juu yake, kisigino kwa kisigino. Kadibodi isitokeze kando popote, na mbele pabaki sentimita 1 hadi 2. Ikiwa soli haitoki, kata ukanda wa kadibodi wenye urefu wa mguu pamoja na sentimita moja, uusukume ndani. Ukijikunja, kiatu ni kifupi.

Halafu tia mkono ndani upapase kote. Tafuta mshono uliosimama, msumari au gundi iliyoganda. Mguu wenye ganzi hautakuambia, mkono utakuambia.

Kikipita hapo, mgonjwa akivae ndani ya nyumba, juu ya mkeka safi, kwa nusu saa, alama za dukani zikiwa bado zimeshikamana na sanduku likiwa zima. Akivue, na mtu mwingine atazame miguu: kando ya gumba, kando ya kidole cha mwisho, juu ya vidole na nyuma ya kisigino. Wekundu usiotoweka upesi, joto la mahali pamoja au lengelenge ni dalili kwamba kiatu kinabana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo gusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe joto la mguu huu na la ule.

Ukiona dalili hizo, kirudishe siku hiyo hiyo. Usimkubalie anayesema kitatanuka kwa kuvaliwa. Ngozi ya kiatu yaweza kutanuka kwa majuma kadhaa, lakini ngozi ya mguu uliokufa ganzi yaweza kuchubuka kwa siku moja, bila mwenyewe kujua.

Mchoro uwekwe nyumbani pamoja na tarehe yake. Mguu hubadilika, kwa hiyo kabla ya kuagiza jozi nyingine, chora upya.