Swali Lenye Majibu Manne Sahihi

Je, wajua kwamba kuna swali la mtihani wa uuguzi ambalo majibu yake yote manne ni sahihi, na bado mwanafunzi anaweza kulikosa? Swali hilo haliulizi muuguzi afanye nini. Linauliza aanze na nini.

Moja la aina hiyo limo katika daftari la mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo wodi ya wazazi. Mama wa miaka 32 amejifungua jana na kupoteza damu nyingi, na himoglobini yake imeshuka hadi gramu 6 kwa desilita. Saa 4:10 asubuhi anaanza kuongezewa damu. Saa 4:20 anatetemeka kwa baridi, anasema kiuno kinamuuma na kifua kinambana. Joto lake lililokuwa 36.8 sasa ni 38.6. Mapigo ya moyo yamepanda kutoka 96 hadi 128 kwa dakika, na shinikizo la damu limeshuka kutoka 110/70 hadi 86/50. Muuguzi afanye nini kwanza: amwite daktari, apime tena joto na shinikizo, asimamishe damu, au alinganishe jina la mgonjwa na lililo kwenye mfuko?

Mwanafunzi alichagua kupima tena, na mwalimu akampiga mkasi. Ukweli ni kwamba kosa hilo lina mantiki yake. Tangu mwaka wa kwanza wanafunzi hufundishwa kwamba muuguzi hupima kabla ya kutenda. Lakini soma swali upya uone limempa nini: joto limo, mapigo yamo, shinikizo limo, na malalamiko ya mgonjwa mwenyewe yamo. Upimaji umeshafanyika. Kupima mara ya pili kungempa muuguzi namba alizonazo tayari, na damu ingeendelea kuingia mwilini wakati akizitafuta.

Kinachoharakisha jambo hili kiko ndani ya mishipa: huenda mama huyu amepewa damu ya kundi lisilolingana na lake. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, akiwa Vienna, alitoa maelezo ya makundi ya damu, na baadaye kazi hiyo ikamletea Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya kundi A na B hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Akipewa damu ya kundi A, kingamwili hizo huzishika chembe nyekundu ngeni na kuamsha protini za kinga ambazo huzipasua chembe hizo humo humo mishipani. Himoglobini humwagika, mkojo hugeuka mwekundu au rangi ya kola, shinikizo hushuka, figo hudhurika, na mfumo wa kugandisha damu unaweza kuvurugika hadi mgonjwa akaanza kuvuja damu hata pale alipochomwa sindano. Ukali wa madhara hutegemea sana kiasi kilichoingia. Ikiwa damu inakwenda mililita 2 kwa dakika, mama huyu ameshapokea takriban mililita 20, na mfuko bado una mamia.

Kwa hiyo mkono huanza kwenye mrija: funga, damu isimame. Kumwita daktari ni lazima, lakini daktari akija atakuta damu ileile bado inaingia ikiwa hakuna aliyefunga mrija. Tena hatua hii haihitaji ruhusa ya mtu.

Hatua ya pili ndiyo inayowaangusha wengi. Baada ya kusimamisha damu, mwanafunzi huona maji ya chumvi, asilimia 0.9, yako karibu, akataka kuyaunganisha kwenye mrija uleule ili mshipa usizibe. Mrija huo bado una zaidi ya mililita 10 za damu ileile, kama bomba la kumwagilia bustani linavyobaki na maji baada ya kufunga koki. Ukiyasukuma maji humo, damu yote iliyobaki inaingia kwa mgonjwa. Sharti mrija wote wa damu uondolewe hadi kwenye kanula, kisha maji yapite kwenye mrija mpya. Kanula yenyewe haiondolewi. Shinikizo likishuka hadi 86/50 mishipa hulala, na kupata mwingine wa kupitishia dawa na maji huwa shida kubwa.

Baada ya hapo ndipo njia ya hewa, upumuaji, joto, mapigo na shinikizo huangaliwa tena, na daktari anaitwa. Katika wodi halisi muuguzi huita msaada kwa sauti huku mkono wake ukifunga mrija. Karatasi ya mtihani haiwezi kuonyesha mambo mawili yakitendeka pamoja, na huo ni upungufu wake wa kweli.

Kisha jina. Damu ya kundi lisilolingana humfikia mgonjwa mara nyingi kwa sababu ya makosa ya utambuzi: sampuli iliyoandikwa jina la mwingine, au mfuko uliotundikwa kitanda cha jirani. Ndiyo maana kulinganisha jina na namba hakungoji zamu iishe. Ikiwa mifuko miwili imebadilishana, kuna mgonjwa mwingine ambaye dakika hiyo hiyo huenda anapokea damu iliyokusudiwa mama huyu. Maabara hupigiwa simu mara moja. Mfuko na mrija wake havitupwi. Hurudishwa maabara pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo wa kwanza, kisha kiasi cha mkojo hufuatiliwa saa kwa saa, kwa kuwa figo ndizo zinazochungwa.

Ukurasa unaofuata wa daftari una swali linaloonekana kupingana na hili. Mashine ya kidoleni inaonyesha oksijeni asilimia 78, na mgonjwa amekaa anazungumza vizuri, midomo yake haijabadilika rangi. Hapa jibu ni kumwangalia mgonjwa na kukagua kama kifaa kimekaa sawa kidoleni, kwa kuwa namba moja inapingana na kila kitu kingine. Maswali haya mawili yanapima uwezo uleule: kujua kama taarifa ulizonazo zinatosha kutenda, au bado. Mtihani wa leseni wa Marekani, NCLEX, ambao wauguzi wa Kenya wanaotaka kufanya kazi huko huufanya, umejaa maswali ya namna hii, mengine yakimtaka mtahiniwa apange hatua zote kwa mfuatano kwenye skrini.

Lakini karatasi humkabidhi mwanafunzi kitu ambacho wodi haimkabidhi: namba za kabla. Joto la 38.6 lina maana kwa sababu tunajua lilikuwa 36.8. Katika wodi, kama hakuna aliyepima kabla ya damu kuanza na kuandika, homa ya mgonjwa inaweza kudhaniwa ni ya jana. Na kama mgonjwa hana fahamu au amelala kwa dawa ya usingizi, hatasema kiuno kinamuuma. Dalili zitakazobaki zitakuwa shinikizo linaloshuka, mkojo mwekundu, au kidonda kinachovuja bila sababu. Kwa hiyo muuguzi hukaa kando ya kitanda kwa dakika 15 za mwanzo, na damu huendeshwa polepole muda huo.

Nawe msomaji, ukiongezewa damu, taja jina lako kamili kabla mfuko haujaunganishwa, hata kama nesi anakufahamu. Ukiwa unamuuguza ndugu yako naye akaanza kutetemeka, kuumwa kiuno, kuwashwa au kukosa pumzi, usingoje daktari apite wala usiuguse mrija mwenyewe. Mwite muuguzi papo hapo, umwambie mgonjwa yuko kwenye damu.