Ngazi ya Gemu Haina Vipago

Aliyewahi kucheza gemu ndogo zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili bila shaka ameliona jambo hili. Mhusika anafika kwenye ngazi, unabonyeza kitufe cha juu, naye anapanda vizuri. Ukiachia kitufe kabla hajafika, anaporomoka kana kwamba ngazi imeondolewa. Ukikishikilia mpaka mwisho, anafika kileleni na kuanza kutetemeka: juu, chini, juu, chini, huku picha yake ikibadilika haraka kati ya mtu anayepanda na mtu anayeanguka. Hatoki kwenye ngazi wala harudi chini.

Watu husema gemu ina hitilafu, na ni kweli. Lakini kompyuta haijakosea hesabu hata moja. Inatii amri mbili zinazopingana, na inazitii zote kwa uaminifu mara 60 kila sekunde.

Mkwezi akiwa katikati ya mnazi, uvutano wa dunia haukomi kumvuta. Haanguki kwa sababu nyayo zake zimelikaza shina, na shina linaubeba uzito wake. Ngazi ya gemu haina kitu cha namna hiyo. Ni picha iliyowekwa mahali fulani, na nyuma ya picha hiyo kuna eneo lisiloonekana, la mstatili, linalojua jambo moja tu: mhusika yumo au hayumo. Halimbebi. Vipago unavyoviona kwenye skrini ni rangi tupu. Kwa hiyo anayeandika msimbo lazima aamue mwenyewe nani atabeba uzito pale, na asipoamua, uvutano utaendelea na kazi yake.

Tuchukue Godot, injini ya gemu ya bure inayotumiwa sana na wanaojifunza. Ndani yake uvutano huanza na kipimo cha 980, yaani kila sekunde inayopita kasi ya mhusika kuelekea chini inaongezeka kwa pikseli 980 kwa sekunde. Hesabu hiyo hufanywa vipandevipande, mara 60 kwa sekunde, hivyo kila mzunguko unaongeza kasi ya 16 na kidogo. Jambo la kukumbuka ni kwamba katika Godot mhimili wa wima huhesabiwa kwenda chini: namba chanya ni kushuka, hasi ni kupanda.

Msimbo wa kwanza ambao watu wengi huandika unafanana na huu:

```gdscript
func _physics_process(delta):
    if not is_on_floor():
        velocity += get_gravity() * delta
    if kwenye_ngazi and Input.is_action_pressed("ui_up"):
        velocity.y = -120
    move_and_slide()
```

Mstari wa uvutano unasema: kama hajakanyaga sakafu, mvute. Mistari ya ngazi inasema: kama yumo kwenye eneo la ngazi na kitufe cha juu kimebonyezwa, mpandishe kwa kasi ya pikseli 120 kwa sekunde. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, amri ya pili inaifuta ya kwanza, na mhusika anapanda pikseli 2 kila mzunguko bila shida. Ndiyo maana mwandishi anajaribu mara moja, anaridhika na kuendelea na mambo mengine.

Achia kitufe sasa. Hakuna aliyeandika kwamba mtu aliye kwenye ngazi asivutwe, na kwa kuwa hajakanyaga sakafu, uvutano unaendelea kujilimbikiza. Nusu sekunde tangu aanze kuanguka, kasi yake chini imekaribia 490, zaidi ya mara nne ya kasi aliyopandia. Wapo wanaojaribu kutibu hili kwa kuongeza nguvu ya kupanda: badala ya kuiweka kasi kuwa 120 wanaongeza kiasi fulani kila mzunguko ili kushindana na uvutano. Sioni faida ya njia hiyo. Ukiongeza 10 wakati uvutano unaongeza 16, mhusika hapandi kabisa. Ukiongeza 20, anapanda kwa kasi inayokua bila kikomo, na anafika juu ya ngazi ndefu kama aliyerushwa.

Kileleni ndipo penye utata zaidi. Mhusika anapanda na kitufe bado kimebonyezwa. Nyayo zinavuka ukingo wa juu wa eneo la ngazi, na papo hapo `kwenye_ngazi` inakuwa si kweli. Amri ya kupanda inanyamaza, uvutano unabaki peke yake. Lakini mhusika bado ana kasi ya 120 kwenda juu, kwa hiyo anaendelea kupaa huku akipungua, 104, 87, 71, mpaka baada ya mizunguko kama 7 anasimama hewani, takriban pikseli 6 juu ya kilele. Kisha anashuka, mizunguko mingine 7, na nyayo zinaingia tena kwenye eneo la ngazi. Kitufe bado kimebonyezwa! Anapandishwa tena, anatoka tena, anavutwa tena. Safari nzima inachukua karibu robo sekunde, kwa hiyo mchezaji anamwona mtu anayedunda mara nne hivi kila sekunde.

Mwandishi mwenye haraka ataona dundo hilo na kusema tatizo ni ile kasi iliyobaki. Anaongeza mstari wa kuifanya kasi iwe sifuri mara tu mhusika anapotoka kwenye eneo. Dundo linakwisha, mtetemo unaanza. Mhusika sasa anavuka ukingo kwa pikseli 2 au pungufu, anasimama, anaanza kuvutwa polepole, na ndani ya mizunguko 4 amerudi ndani. Mzunguko mmoja wa kumpandisha, minne ya kumrudisha: mara 12 kwa sekunde. Mwendo wenyewe ni mdogo mno kiasi kwamba wengine hudhani ni tatizo la skrini, na hapo hupoteza muda mwingi wakibadilisha mipangilio ya kamera.

Namna ya kuuthibitisha ugonjwa ni rahisi. Washa chaguo la Godot liitwalo `Visible Collision Shapes`, ambalo huchora maeneo yasiyoonekana, kisha chapisha `kwenye_ngazi` na `position.y` kila mzunguko. Ukiona kweli na si kweli zinapishana huku namba ya wima ikienda na kurudi sehemu ileile, basi kamera haina hatia. Mpaka wa ngazi unaulizwa swali moja na kutoa majibu mawili.

Wazee wa kazi hii hawakupambana sana na jambo hili. Katika Lode Runner ya mwaka 1983, gemu iliyojaa ngazi, mhusika haruki, na akianguka anaanguka kwa kasi ileile mpaka chini. Hakuna kasi inayojilimbikiza, hivyo hakuna akiba ya mwendo inayofika kileleni pamoja na mhusika. Donkey Kong, iliyotoka 1981, ilikuwa na kuruka na kupanda vyote viwili, lakini mhusika akishashika ngazi haruki tena: anakuwa chini ya sheria za ngazi mpaka atoke, na kule juu kuna mwendo maalumu wa kujivuta hadi jukwaani. Kwa maneno mengine, kupanda ni hali inayojitegemea, na kumaliza kupanda ni tukio lenye mahali pake.

Tiba ya leo inafuata wazo hilohilo. Mhusika anapewa hali tatu: ardhini, hewani, ngazini. Akiwa ngazini, mstari wa uvutano hausomwi kabisa. Hauzidiwi nguvu wala haufidiwi. Kasi yake inatokana na kitufe peke yake, na kitufe kikiachiwa kasi ni sifuri. Hapa nachukulia kwamba nukta ya mhusika imewekwa kwenye nyayo, na kwamba `kilele_y` ni kimo cha jukwaa la juu:

```gdscript
func panda_ngazi():
    var mwelekeo = Input.get_axis("ui_up", "ui_down")
    velocity = Vector2(0, mwelekeo * 120)
    move_and_slide()
    if position.y <= kilele_y:
        position.y = kilele_y
        velocity = Vector2.ZERO
        hali = Hali.ARDHINI
```

Tazama mistari minne ya mwisho. Haisubiri eneo la ngazi liseme kwamba mhusika ametoka. Inapima nyayo zenyewe, na zikifika kwenye kilele au kukivuka, inazirudisha pale pale juu ya jukwaa, inazima kasi na kumkabidhi mhusika kwa sheria za ardhini. Bila kumrudisha hivyo angebaki hewani kwa pikseli moja au mbili, na tungeona picha ya kuanguka ikimulika kwa muda mfupi mno.

Hilo bado halitoshi, kwa sababu kitufe cha juu kimeendelea kubonyezwa. Ikiwa sheria ya kushika ngazi ni kugusa eneo tu, mzunguko unaofuata utamrudisha ngazini, na kutetemeka kunaanza upya. Kwa hiyo mlango wa kuingilia lazima uwe mbali kidogo na mlango wa kutokea. Kitufe cha juu kimshikishe ngazi pale tu nyayo zikiwa angalau pikseli 8 chini ya kilele. Aliyesimama kileleni hatimizi sharti hilo, basi anaweza kubonyeza juu mpaka achoke.

Kushuka kutoka juu kunahitaji mlango wake. Jukwaa la kilele huwa la upande mmoja: linaruhusu kupita kutoka chini, linazuia kutoka juu. Mhusika akibonyeza chini akiwa amesimama hapo, jukwaa linamzuia. Suluhisho ninalolipendelea ni kuyaweka majukwaa ya namna hiyo kwenye tabaka lake, tuseme la 2, na kulizima anapoingia ngazini kwa `set_collision_mask_value(2, false)`. Wakati huohuo nyayo zishushwe pikseli chache chini ya kilele, vinginevyo kile kipimo cha juu kitamtoa kabla hajaanza. Kisha tabaka liwashwe kila anapotoka, kwa njia yoyote: juu, chini kwenye sakafu, au kwa kuruka pembeni. Njia ya kuruka ndiyo husahaulika, na dalili yake ni mhusika anayeruka kutoka ngazini kisha kulipenya jukwaa linalofuata kama moshi.

Kabla ya kusema kazi imekwisha, punguza mizunguko ya fizikia kutoka 60 hadi 30 kwenye mipangilio ya mradi, ucheze tena ngazi hiyo. Sasa hatua moja ya kupanda ni pikseli 4 badala ya 2. Pengo la pikseli 8 bado linatosha. Aliyelinganisha kimo kwa `==` badala ya `<=`, huenda akamwona mhusika wake akipitiliza kilele na kuendelea kupanda hewani.