Ngazi ya Rezista: Namba Inavyogeuka Kuwa Volti

Kigeuzi cha dijitali kwenda analogi ni sakiti inayopokea namba iliyoandikwa kwa sifuri na moja, kisha hutoa volti zinazolingana na ukubwa wa namba hiyo. Muziki uliohifadhiwa kwenye simu, kwa mfano, ni mfululizo wa namba, lakini spika haisomi namba: inataka umeme unaopanda na kushuka. Kuna njia kadhaa za kujenga kigeuzi cha aina hii. Mojawapo ni ngazi ya rezista, ambayo inahitaji rezista za thamani mbili tu, ya pili ikiwa mara mbili ya ya kwanza.

Kila tarakimu ya namba hiyo, yaani kila biti, ina uzito wake kulingana na nafasi iliyokaa. Katika 1011, biti ya kwanza kushoto ina uzito wa 8, ya pili 4, ya tatu 2 na ya mwisho 1. Biti ya pili ni sifuri, kwa hiyo haihesabiwi, na jumla ni 11. Kigeuzi hufanya hesabu hiyohiyo kwa umeme. Hutengeneza mikondo minne yenye uwiano wa 8, 4, 2 na 1, kisha hujumlisha ile tu ambayo biti zake ni moja.

Mikondo hiyo ingeweza kupatikana kwa kumpa kila biti rezista yake, kila moja ikiwa mara mbili ya iliyotangulia. Kwa biti nne njia hiyo inafaa. Kwa biti 16, ikiwa rezista ya kwanza ni ya omu 10,000, ya mwisho italazimika kuwa ya zaidi ya omu milioni 327. Ni vigumu mno kutengeneza rezista mbili zilizoachana kiasi hicho ambazo uwiano wake ni sahihi na haubadiliki joto linapopanda. Ngazi huepuka tatizo hilo kwa kuugawa mkondo mmoja nusu kwa nusu, tena na tena.

Chukua ngazi ya biti nne inayolishwa volti 8 zisizoyumba. Kwenye mhimili wake kuna rezista tatu za omu 10,000 zilizofuatana, zikiunganisha vituo vinne. Kutoka kila kituo hushuka kipago chenye rezista ya omu 20,000. Kituo cha mwisho kina rezista moja zaidi ya omu 20,000, ambayo ndiyo inayofunga ngazi. Vipago vyote, pamoja na rezista hiyo ya kufungia, huishia penye volti sifuri.

Siri ya ngazi huonekana ikisomwa kuanzia mwisho. Kwenye kituo cha nne kuna rezista mbili za omu 20,000 zilizo sambamba, ambazo kwa pamoja ni sawa na omu 10,000. Ukiongeza omu 10,000 za mhimili, jumla ni omu 20,000. Basi mkondo unaofika kituo cha tatu hukuta njia mbili zinazolingana: kipago cha hapo, na yote yaliyo mbele. Hugawanyika nusu kwa nusu. Kituo cha pili na cha kwanza navyo viko hivyohivyo, hata ngazi iwe ndefu kiasi gani.

Kwa chanzo cha volti 8, ngazi nzima ni sawa na rezista moja ya omu 10,000, kwa hiyo hupokea maikroampea 800. Kipago cha kwanza huchukua 400, cha pili 200, cha tatu 100 na cha nne 50. Maikroampea 50 zinazobaki hupita kwenye rezista ya kufungia.

Chini ya kila kipago kuna swichi inayoongozwa na biti yake. Biti ikiwa sifuri, mkondo huelekezwa kwenye waya wa ardhini na kupotelea huko. Ikiwa moja, huelekezwa kwenye waya wa jumla unaoingia kwenye amplifaya. Amplifaya hiyo huushikilia waya wa jumla kwenye volti sifuri muda wote, kwa hiyo kipago hakioni tofauti, swichi ielekee huku au kule. Mikondo ndani ya ngazi haibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni njia inayoishia.

Namba 1011 hupeleka 400, 100 na 50 kwenye waya wa jumla, yaani maikroampea 550. Mkondo huo hupita kwenye rezista ya omu 10,000 iliyounganisha ingizo na tokeo la amplifaya, na kutoa volti 5.5. Jibu ni sawa na volti 8 zikizidishwa kwa 11 na kugawanywa kwa 16, ila hutoka upande wa hasi. Namba kubwa kabisa, 1111, hutoa volti 7.5. Haifiki 8, kwa kuwa mkondo wa rezista ya kufungia hauhesabiwi kamwe.

Hatua ndogo kuliko zote hapa ni nusu volti, na hakuna thamani ya katikati inayoweza kutolewa. Udogo wa hatua hiyo ndio ubainifu wa kigeuzi. Kila biti inayoongezwa huikata hatua nusu: kwa volti zilezile 8, biti nane hutoa hatua 256 za milivolti 31.25 kila moja, na biti 16 hutoa hatua za takriban milivolti 0.12.

Hata hivyo, kuongeza vipago peke yake hakutoshi. Tuseme ngazi ni ya biti nane, na rezista ya kipago cha kwanza imezidi kwa asilimia moja, ikawa omu 20,200. Badala ya maikroampea 400, kipago hicho hupitisha 396.04. Vipago saba vilivyobaki kwa pamoja hupitisha 396.875. Namba inapotoka 01111111 kwenda 10000000, vipago saba huzimwa na cha kwanza huwashwa, na tokeo lililotakiwa kupanda kwa milivolti 31 hushuka kwa karibu milivolti 8. Katika ngazi ya biti nne, kosa lilelile lingepunguza tu hatua ya katikati, kutoka maikroampea 50 hadi 46.

Kwa hiyo kosa la kipago cha kwanza lazima liwe dogo kuliko mkondo wa biti ya mwisho. Kwa biti nane, hiyo ni chini ya asilimia 0.8 hivi, kwa biti 16, chini ya asilimia 0.003. Swichi nayo ina ukinzani wake: omu 100 tu juu ya kipago cha omu 20,000 ni asilimia 0.5. Ndiyo maana ndani ya chipu swichi za biti kubwa hufanywa pana zaidi. Rezista zote, pamoja na ile ya amplifaya, huwekwa kwenye chipu moja ili joto lizibadilishe kwa pamoja na uwiano ubaki uleule.

Kasoro hii hugunduliwa kwa kuhesabisha kigeuzi kutoka sifuri kwenda juu, namba moja baada ya nyingine, huku volti zikipimwa. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni katikati, pale vipago vyote vidogo vinapoachia na kipago kikubwa kinaposhika. Volti zikishuka hapo badala ya kupanda, kigeuzi hakina ubainifu wa biti zake zote, hata kama vipago vyake vimetimia.